Pancha Moja, Mikono Miwili

Video ya kufundisha kuziba pancha haina haja ya kuonyesha uso wa mtu. Mtazamaji anataka kuona vidole vinashika wapi na kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kamera ikae nyuma ya bega la fundi, iangalie chini, ili mkono wa kulia wa fundi uwe upande wa kulia wa mtazamaji. Ukiiweka mbele yake, kila kitu kinageuka na anayejifunza anachanganyikiwa.

Mswada huu ni wa baiskeli ya inchi 28, ile ya chuma yenye keria. Tairi la nyuma limeisha upepo usiku.

Picha ya kwanza ni ya vifaa, juu ya kitambaa cheupe: vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu, kipande cha msasa, solusheni, kiraka, chaki na beseni la maji. Beseni liwe la rangi ya kukolea, kwani mapovu madogo hayaonekani vizuri kwenye beseni jeupe. Spana haimo. Mafundi wengi wa mitaani hupindua baiskeli, wakavuta tyubu upande mmoja bila kuchomoa gurudumu, nasi tufanye hivyo hivyo.

Kabla ya kufungua chochote, mikono ijaze upepo na kupaka mate kwenye mdomo wa valvu. Mate yakifanya povu, tatizo ni kile kimpira cha valvu, na kazi imekwisha kwa kukibadilisha. Kuna watu wanafungua tairi zima bure kwa kuruka hatua hii.

Hapa kwetu valvu ni nzima. Vyuma vinaingia chini ya ukingo wa tairi, tyubu inatolewa, inajazwa upepo kidogo na kupitishwa majini kipande kwa kipande. Mapovu yanatoka. Chaki inazungushia tundu baada ya kukausha, na hapo hapo mikono iweke alama kwenye tairi mkabala na tundu.

Sasa tuonyeshe kosa kubwa kuliko yote, na tulionyeshe kwa vitendo. Mikono inaziba tundu, inarudisha tyubu, inajaza upepo. Tairi linalala tena. Tyubu ikitolewa, kiraka kimeshika vizuri, lakini kuna tundu jipya upana wa kidole kutoka hapo. Mwiba wa mgunga bado umekaa ndani ya tairi! Kamera isogee karibu kabisa: kitambaa kinapitishwa taratibu ndani ya tairi, kuanzia kwenye alama ya chaki, mpaka kinase. Kitambaa kitangulie kidole, maana ncha ya mwiba inachoma. Mwiba unasukumwa utoke kwa nje.

Tundu lenyewe linasema limetokana na nini. Likiwa upande wa tyubu unaolalia ringi, chunguza vichwa vya spoki na utepe unaovifunika. Matundu mawili yaliyo sambamba, kama jino la nyoka, yanaonyesha kwamba tyubu ilibanwa kati ya ringi na kitu kigumu, aghalabu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

Kisha inakuja sehemu ambayo kamera haipaswi kukatwa. Msasa unasugua eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka mng'aro wa mpira uishe. Vumbi linafutwa, na solusheni inapakwa nyembamba. Taa itoke ubavuni, kwa sababu solusheni mbichi inang'aa na ikikauka inafifia, na tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Dakika tano hivi zinatosha, ingawa siku ya unyevunyevu huchukua zaidi. Mtazamaji aone muda ukipita. Anayebandika kiraka kwenye gundi mbichi anafungia umajimaji chini yake, na kiraka kitateleza au kuachia upepo ukijaa.

Kiraka kikikatwa kutoka tyubu kuukuu, nacho kisuguliwe, kipakwe solusheni na kiachwe kikauke. Pembe zake ziwe za mviringo, kwani pembe kali huanza kubanduka mapema. Vidole vinabonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa isibaki ndani. Tundu lililo kwenye shina la valvu haliwekewi kiraka. Hapo nunua tyubu mpya.

Wakati wa kurudisha, tyubu ipewe upepo kidogo kwanza ili isijikunje. Ukingo wa tairi uingizwe kwa vidole gumba, kuanzia mbali na kumalizia kwenye valvu. Hapa onyesha kosa la mwisho: bisibisi inatumika kulazimisha sehemu ngumu, na ncha yake inatoboa tyubu iliyotoka kuzibwa. Njia iliyo sahihi ni kusukuma ukingo uliokwishaingia ushuke katikati ya ringi, na ile sehemu ngumu italegea.

Kabla ya kujaza kabisa, vidole vizunguke gurudumu lote pande mbili, vikisukuma tairi kando kuhakikisha tyubu haijabanwa. Kisha pampu ifanye kazi hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.