Video mbili, watazamaji sawa sekunde ya 20: ipi ina mwanzo mbovu?

Umerekodi video ya dakika moja ya kupika chapati, na una mianzo miwili ya kuchagua.

Mwanzo A ni salamu: "Mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli yangu." Baada ya sekunde 5 unaingia kwenye unga moja kwa moja.

Mwanzo B unafungua na chapati iliyoiva inachanwa, inatoa mvuke. Salamu zinakuja sekunde ya 5. Sekunde ya 10 unaomba watu wajiunge na chaneli na wabonyeze kengele. Unga unaonekana sekunde ya 15.

Tuseme kila mwanzo umeonyeshwa watu 1,000. Sekunde ya 20, A imebakiwa na watu 487 na B 479. Wengi wataishia hapo: "Ngoma droo, weka yoyote."

Si droo. Video hizi mbili zinapoteza watu kwa njia tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Hesabu iliyoanzia makaburini

Mwaka 1662, mfanyabiashara wa London aitwaye John Graunt alichukua orodha za waliofariki jijini na kutengeneza jedwali: kati ya watoto 100, wangapi bado wako hai wakifika umri fulani. Kwa makadirio yake, 36 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka 6.

Ukiwa na jedwali kama hilo unaweza kuuliza: kati ya waliofika umri huu, wangapi hawatafika umri unaofuata? Waliokwisha kufa hawahesabiwi tena. Unawaangalia waliobaki tu.

Kwenye video, "kifo" ni mtu kufunga au kuskroli kwenda klipu nyingine. Gawa video vipande vya sekunde 5. Kwa kila kipande, chukua walioondoka, gawa kwa waliokuwepo kipande kilipoanza. Jibu ndilo kasi ya kuondoka.

Tuipige kwenye chapati

Mwanzo A:
- Sekunde 0–5: wanaondoka 400 kati ya 1,000, yaani 40%
- 5–10: 60 kati ya 600, yaani 10%
- 10–15: 27 kati ya 540, yaani 5%
- 15–20: 26 kati ya 513, yaani 5%

Mwanzo B:
- Sekunde 0–5: 100 kati ya 1,000, yaani 10%
- 5–10: 180 kati ya 900, yaani 20%
- 10–15: 216 kati ya 720, yaani 30%
- 15–20: 25 kati ya 504, yaani 5%

A inapoteza watu mlangoni. Salamu peke yake imefukuza 400, halafu mambo yakatulia. B imewaingiza watu vizuri, kisha ikawachosha ndani, hasa pale pa kuomba kujiunga. Unga ulipoonekana, hali ikatulia nako.

Kwa hiyo usiitupe B. Ifungue kwa chapati ileile, ila ile sehemu ya kengele ipeleke mwishoni.

Wanaotoka bila kukukimbia

Kuna mtu bando limemwishia sekunde ya 8. Mwingine kapigiwa simu. Hawa hawakuichoka video yako, lakini hujui wangebaki hadi lini. Ukiwahesabu kama walioondoka, unauonea mwanzo wako. Ukiwafuta kabisa, unasahau kwamba sekunde 8 za kwanza walikuwepo.

Njia inayotumika sana ilitolewa mwaka 1958 na Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, na hospitali bado zinaitumia kufuatilia wagonjwa. Mtu kama huyo anahesabiwa miongoni mwa waliopo mpaka dakika alipopotea, kisha anatolewa kwenye orodha bila kuandikwa kuwa "amekufa". Aliyetazama mpaka mwisho naye hakuondoka. Video ndiyo iliyomwisha.

Ila angalia sababu. Kama faili la B ni zito na ndilo linalokwamisha mtandao, basi kukatika huko kumeletwa na B yenyewe. Usikuite bahati mbaya.

Mtego wa kipande cha pili

Tazama tena sekunde 5–10: A ni 10%, B ni 20%. Je, kipande hicho cha A ni kizuri mara mbili? Hapana, si lazima.

Wasio na subira wa A walishaondoka kwenye salamu. Waliobaki ni wapenzi wa chapati kwelikweli, watu ambao wangevumilia mengi. B bado inao wale wasio na subira, kwa sababu chapati iliyochanwa iliwashika. Unalinganisha makundi mawili ambayo hayafanani tena.

Ni kipande cha kwanza tu ambacho makundi yako sawa, na hapo pia ni kama watazamaji waligawanywa kwa kubahatisha. Ukiweka A Jumatatu asubuhi na B Jumamosi usiku, hata kipande cha kwanza hakitakusaidia.

Hivyo, baada ya kipande cha kwanza, tumia kasi ya kuondoka kujua wapi video inavuja, kisha rudi kwenye idadi ya waliobaki kuamua nani kashinda.

Je, umewaokoa au umewachelewesha?

Turudi kwenye B mpya, bila maombi ya kengele. Tuseme sekunde 10–15 kasi imeshuka kutoka 30% hadi 15%. Kati ya 720 wanabaki 612, badala ya 504. Umepata watu 108 zaidi.

Usishangilie bado. Angalia kipande kinachofuata. Kasi ikibaki 5%, sekunde ya 20 utakuwa na watu 581, na hapo umeshinda kweli. Lakini ikiruka hadi 20%, utabaki na 490, karibu palepale ulipokuwa. Maana yake wale 108 walikuwa wameshaamua kuondoka. Umewachelewesha sekunde chache tu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

YouTube Studio inakuonyesha mchoro wa asilimia ya wanaoendelea kutazama. Soma asilimia mwanzoni mwa kipande na mwishoni, toa, kisha gawa kwa ile ya mwanzoni. Ikitoka 60 hadi 54, tofauti ni 6. 6 kwa 60 ni 10%.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mtu akirudisha nyuma kutazama tena, mchoro unaweza kupanda. Kwenye kipande hicho hesabu hii haifai, maana kwenye hesabu ya uhai hakuna anayefufuka.

Pili, kadiri unavyoelekea mwisho waliobaki wanakuwa wachache. Wakibaki 20, wawili wakiondoka ni 10%, wanne ni 20%. Kasi imeongezeka mara mbili kwa sababu ya watu wawili tu. Hapo usikate kitu kwenye video yako. Subiri watazamaji waongezeke, kisha piga hesabu upya.