Fahamu: Ibuprofeni kwa aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo

Mkata mkonge wa Korogwe au mkulima wa Handeni anayeumwa mgongo hupata ibuprofeni au diklofenaki kirahisi kwenye duka la dawa. Kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, hata vilivyopona, dawa hizo ni hatari.

Je, kula kwanza kunatosha?

Hapana. Chakula huweza kupunguza kichefuchefu, basi. Dawa ikishaingia kwenye damu huzuia prostaglandini, kemikali zinazosaidia tumbo kutengeneza ute wa kujikinga na asidi. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki, isiyopita tumboni kabisa, huweza kuamsha kidonda.

Atumie nini?

Parasetamo kwa kipimo sahihi. Isipotosha, amwone daktari, ambaye akilazimika kumpa ibuprofeni au diklofenaki anaweza kuongeza omeprazoli ili kulinda tumbo.

Akimbilie hospitali lini?

Akiona kinyesi cheusi kama lami, au akitapika damu.