Mji wa Mabaki ya Mbao

Mabaki ya mbao yanayotupwa au kuchomwa kwenye karakana za maseremala yanatosha kuwapa watoto wa miaka minne hadi sita mji mzima wa kujenga sakafuni, mradi yasikatwe ovyo. Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani aliyefungua shule jijini New York mwaka 1914, alibuni matofali ya mbao ambayo upana wake ni mara mbili ya unene, na urefu ni mara mbili ya upana. Kwa uwiano huo, nusu mbili hulingana na tofali zima bila pengo.

Seremala wa Afrika Mashariki ana pa kuanzia, yaani mbao ya mbili kwa nne. Ikisharandwa hubaki na unene wa karibu sentimita 4.5 na upana wa 9. Tofali zima basi hukatwa sentimita 18, na nusu sentimita 9. Kila kipande kipimwe baada ya kile cha kabla yake kukatwa, kwa kuwa msumeno hula milimita kadhaa kila unapopita. Mbao iwe kavu pia. Mbichi husinyaa upana huku urefu ukibaki karibu vilevile, na uwiano ukapotea. Ili kukagua, nusu mbili hulazwa kando ya tofali zima na kidole kupitishwa kwenye ncha. Kidole kikikwaa, kipande kirudi kwenye msasa. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa, ambazo nyingi huwa na rangi ya kijani, ziachwe kabisa, maana baadhi ya dawa hizo zina arseniki.

Mjini, barabara hutangulia nyumba. Watoto wakianza na nyumba, aliye katikati hukosa njia ya kutokea na huangusha za wenzake kwa miguu. Mwalimu huwapa chaki wachore barabara, kisha huuliza gari la wagonjwa litapita wapi. Swali hilo huwafanya wapanue njia wenyewe.

Hesabu nayo hujitokeza kazini. Barabara ya sentimita 180 inahitaji matofali 10 kila upande, jumla 20. Kundi lenye mazima 14 tu limepungukiwa na 6, na hapo watoto hugundua kwamba nusu 12 zitaziba pengo. Wengine huanza kwa kuziba na nusu 6, wakaona barabara inaishia njiani; waachwe waone.

Ugomvi mwingi huzuka kwenye njia panda, kila mtoto akitaka duka lake liwe hapo. Kumgawia mmoja hakumalizi neno. Kinachosaidia ni kuchora njia panda ya pili, au wawili kujenga soko moja lenye milango miwili. Zaidi ya watoto watano kwenye mkeka mmoja, hata mpango mzuri hushindwa, kundi ligawanywe.