Mwaliko kwa Anayeaga Kazi

Mhasibu aliyekwisha kuandika barua ya kuacha kazi akipokea wito wa "kufika ofisi ya utumishi Alhamisi saa nne bila kukosa", hudhani anaitwa kujieleza. Atasema anaondoka kwa sababu za kifamilia, na kampuni haitajua kilichomkimbiza.

Mwaliko mzuri humwondolea hofu hiyo mapema: "Asante kwa kazi yako, hasa kusimamia hesabu za matawi. Ukipenda, tungefurahi kuzungumza nawe kwa nusu saa kuhusu uliyoyaona hapa. Msimamizi wako hatakuwepo. Chagua siku inayokufaa. Malipo yako na cheti cha utumishi havitegemei mazungumzo haya."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya cheti hicho, lakini wengi huogopa kwamba wakisema ukweli stahiki zao zitacheleweshwa.

Usiandike "tunasikitika unatuacha", maana humfanya ajitetee. Wala usiahidi siri kamili: akitaja wizi au unyanyasaji, huenda ofisi ikalazimika kuchukua hatua, na ni haki yake aelezwe hivyo kabla hajaanza kuzungumza.