Ankara namba 4817 iko wapi?

Mkaguzi wa hesabu akikabidhiwa ankara za mwezi, kabla hajasoma bei wala jina la mteja hupitisha jicho kwenye namba: 4815, 4816, 4818. Hapo anasimama na kuuliza 4817 iko wapi. Mwenye duka anamwita keshia, keshia anampigia simu kijana aliyetengeneza programu, na kijana anajibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui, kwa sababu namba hizo hujitoa zenyewe kwenye kompyuta.

Swali la mkaguzi ni la tangu enzi za vitabu vya risiti vilivyochapwa namba kiwandani. Karatasi ikiharibika haikuchanwa. Iliandikwa "IMEFUTWA", na nakala zake zote zikabaki kitabuni. Namba ikikosekana, tafsiri ya haraka ilikuwa kwamba kuna aliyeuza, akapokea fedha, kisha akaificha karatasi. Sheria za kodi za leo zimerithi shaka hiyo. Maelekezo ya VAT ya Umoja wa Ulaya, namba 2006/112, katika kifungu cha 226 yanataka kila ankara iwe na namba ya mfululizo inayoitambulisha ankara hiyo peke yake. India, katika kanuni ya 46 ya kodi yake ya GST ya mwaka 2017, inataka namba zinazofuatana, zisizozidi herufi na tarakimu 16, zisizojirudia ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa VAT watumie mashine za EFD mwaka 2010, na mashine hizo huhesabu risiti zenyewe. Ila katika mfumo wa VFD, ambapo programu ya duka inashika nafasi ya mashine, hesabu hiyo hubebwa na programu. Hapo ndipo kosa dogo la fundi linapogeuka kuwa swali la kodi.

Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, lenye makeshia watatu na hifadhidata moja ya PostgreSQL. Fundi alipotengeneza jedwali la ankara alitumia njia ambayo kila fundi hufundishwa mwanzoni: aliiachia hifadhidata itoe namba kila ankara mpya inapoingia. Njia hiyo ni nzuri na ya haraka, na karibu kila hifadhidata inayo. Tatizo ni kwamba iliundwa kuhakikisha namba hazijirudii. Haikuundwa kuhakikisha hazirukwi.

Saa nne asubuhi keshia wa kwanza anaingiza mauzo ya mifuko 200 ya saruji. Hifadhidata inampa 4817 na kuanza kupunguza stoo. Sekunde hiyohiyo keshia wa pili anaingiza mauzo ya mabati, anapewa 4818, kazi yake inakamilika, mteja anaondoka na karatasi. Kwa keshia wa kwanza, programu inagundua kuwa stoo ina mifuko 150 tu. Muamala mzima unabatilishwa: stoo inarudi ilivyokuwa, ankara inafutika kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Ila 4817 hairudi. Ni kama karatasi ya foleni benki: ukiichukua ukaondoka bila kuhudumiwa, mashine haimpi mwingine namba yako.

Kwa nini isirudishwe? Kwa sababu ili hifadhidata iweze kuirudisha, ingelazimika kumsimamisha keshia wa pili mpaka ijulikane muamala wa kwanza umefaulu au umeshindikana. Waliotengeneza hifadhidata walikataa foleni hiyo kwa makusudi, na nyaraka za PostgreSQL zinasema wazi kwamba namba ikishatolewa na `nextval` hairudi hata muamala ukibatilishwa. Kwa hiyo anayelalamika kuwa mfululizo una mapengo analalamikia kitu kinachofanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Kubatilishwa kwa muamala ni sababu moja tu. Umeme ukikatika ghafla, PostgreSQL inaweza kuruka hadi namba 32, kwa kuwa huandika mapema kwenye kumbukumbu zake za diski kwamba namba hizo zimeshatumika, ili isije ikatoa namba moja mara mbili baada ya kuwaka. SQL Server, tangu toleo la 2012, huweza kuruka hadi namba 1,000 ikizimika vibaya, na wahasibu wengi wamewahi kushtuka kuona ankara zao zimetoka 300 na kuingia 1,300 usiku mmoja. MySQL ilikuwa na kasoro ya upande wa pili, na kwangu mimi ndiyo mbaya zaidi. Kabla ya toleo la 8.0, kaunta yake ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukifuta ankara ya mwisho kisha seva ikawashwa upya, namba ileile ilitolewa tena kwa mteja mwingine. Pengo humfanya mkaguzi aulize. Namba moja kwenye ankara mbili humfanya aite wenzake.

Fundi akishabanwa, dawa ya kwanza inayomjia ni kusoma namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali na kuongeza moja. Kwenye kompyuta yake mwenyewe, akiwa peke yake, itafanya kazi vizuri mno. Dukani, makeshia wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote watasoma 4816 na wote watapata 4817. Kama jedwali limekataza namba kujirudia, mmoja atatupiwa kosa usoni mbele ya mteja. Kama halijakataza, ankara mbili zitatoka na namba moja, na hakuna atakayejua hadi mwisho wa mwezi.

Dawa inayoshika huanza kwa kukubali kwamba ankara ina namba mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni kitambulisho cha ndani, kile kinachojitoa chenyewe. Kiruke, kiwe na mapengo, hakuna mtu wa nje anayekiona. Ya pili ni namba ya ankara inayochapwa kwenye karatasi, na hiyo haitolewi mpaka dakika ya mwisho. Muda wote keshia anapoingiza bidhaa, kubadili bei na kumsubiri mteja ahesabu fedha, ile ni rasimu tu, haina namba. Ikitupwa, haiachi pengo.

Namba yenyewe hukaa kwenye jedwali dogo la kaunta, mstari mmoja kwa kila tawi na kila mwaka. Rasimu yenye kitambulisho 90233 ikiwa tayari, hufanyika hivi:

```sql
BEGIN;

SELECT namba FROM ankara
 WHERE id = 90233 FOR UPDATE;

UPDATE kaunta
   SET mwisho = mwisho + 1
 WHERE tawi = 'KKO' AND mwaka = 2025
RETURNING mwisho;

UPDATE ankara
   SET namba = 4817, imetolewa = now()
 WHERE id = 90233;

COMMIT;
```

Amri ya kwanza inaishika rasimu na kuangalia kama tayari ina namba. Ikiwa nayo, programu inaishia hapo na kuchapa ileile. Ukaguzi huo unaonekana wa ziada mpaka siku mtandao wa dukani unapokatika baada ya kazi kukamilika lakini kabla keshia hajaona jibu. Atabonyeza tena, na bila ukaguzi huo mauzo yaleyale yatapata namba nyingine.

Amri ya pili ndiyo moyo wa jambo. Inaongeza kaunta kwa moja na papo hapo inaufunga mstari ule kwa kufuli, kisha programu inaichukua namba iliyorudishwa, hapa 4817, na kuiandika kwenye ankara. Keshia wa pili akifika na amri kama hiyo anasubiri hadi wa kwanza afike kwenye `COMMIT`. Wa kwanza akifaulu, wa pili anapata 4818. Wa kwanza akishindwa, kaunta nayo inarudi 4816 kwa sababu ni sehemu ya muamala uleule, na wa pili anapata 4817. Pengo halina mahali pa kuzaliwa.

Gharama yake ni ile foleni ambayo hifadhidata ilikuwa ikiikwepa. Kama kutoka kufunga kaunta hadi `COMMIT` kunachukua milisekunde 20, tawi zima haliwezi kutoa zaidi ya ankara 50 kwa sekunde. Kwa duka la Kariakoo hicho ni kicheko. Lakini fundi akiweka ndani ya muamala huohuo mawasiliano na seva ya nje, tuseme kusubiri jibu la malipo ya simu linalochukua sekunde mbili, basi duka zima linatoa ankara moja kila sekunde mbili, na mtandao ukikwama makeshia wote watatu wanakwama na kufuli lile. Kazi zote ndefu zimalizike kabla ya kaunta kuguswa. Kampuni yenye matawi mengi haina haja ya foleni moja ya taifa zima: Ulaya na India zote zinaruhusu mikondo zaidi ya mmoja, kwa hiyo kila tawi linaweza kuwa na kaunta yake mradi jina la tawi liwe sehemu ya namba.

Ankara ikishapata namba haifutwi tena. Mteja akirudisha mifuko, inatolewa hati nyingine ya kuitengua, yenye namba yake, na ankara ya awali inabaki mahali pake. Programu inyimwe kabisa ruhusa ya kufuta kwenye jedwali hilo. Kisha kila usiku uendeshwe ukaguzi huu:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT namba,
         lag(namba) OVER (ORDER BY namba) AS kabla
    FROM ankara
   WHERE tawi = 'KKO' AND mwaka = 2025
     AND namba IS NOT NULL
) t
WHERE namba - kabla > 1;
```

Unaweka kila namba kando ya iliyoitangulia na kuonyesha palipo na mruko. Hautakamata ankara ya mwisho ikifutwa, maana baada yake hakuna namba ya kulinganisha. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali ilinganishwe pia na `mwisho` wa kaunta. Zikipishana, kuna mkono uliopita.

Na pengo la zamani, lile la 4817 lililoanzisha swali? Lisijazwe. Kutunga ankara leo na kuipa tarehe ya mwezi uliopita ni kugeuza hitilafu ya kompyuta kuwa kughushi. Ureno imeshaziba mlango huo kiufundi: programu za ankara zilizoidhinishwa hutia kila ankara saini inayotegemea ya iliyoitangulia, hivyo ya kuchomekwa baadaye hujulikana. Andika maelezo yenye namba iliyokosekana, siku, saa na sababu, ambatisha rekodi ya seva inayoonyesha muamala ulibatilishwa, uyaweke faili moja na ankara za mwezi ule.

Ukiwa unanunua programu ya duka, usikubali jibu la mdomo. Mwombe muuzaji afungue kompyuta mbili, aanze ankara mbili kwa pamoja, na moja aivunje katikati kwa kuuza bidhaa isiyokuwepo stoo. Kisha atoe ya tatu, nawe usome namba zilizochapwa.