Ankara ya dola, malipo ya shilingi

Muuzaji wa majokofu jijini Dar es Salaam anamtumia mwenye hoteli wa Arusha ankara ya dola 2,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 2,360. Wote wawili wako Tanzania, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Kwa hiyo mwenye hoteli ana haki ya kuomba ankara ya shilingi. Kazi iko kwenye kiwango.

Akiandika tu "tafadhali badilisheni kwa kiwango cha leo", amejitafutia ugomvi. Benki Kuu hutangaza bei tatu za dola: ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Benki za biashara nazo zina bei zake, na pengo kati ya kununua na kuuza huwa pana zaidi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba wastani wa Benki Kuu ni shilingi 2,613, na benki ya muuzaji inauza dola kwa 2,660. Kwa bei ya kwanza ankara ni shilingi 6,166,680. Kwa ya pili ni 6,277,600. Tofauti ni 110,920, na hakuna aliyedanganya.

Muuzaji naye ana hoja yake. Kama majokofu ameyaagiza nje, atarudi benki kununua dola kwa bei ya kuuza. Kwa maoni yangu wastani ndio mahali pa haki pa kuanzia, mradi mkataba hausemi vingine. Ukisema, mkataba ndio unaofuatwa.

Barua inayofaa inasomeka hivi: "Ndugu Mhasibu, tunaomba mfute ankara namba 118 ya dola na kutupa mpya kwa shilingi. Tunapendekeza bei ya wastani ya Benki Kuu ya tarehe 4, siku ya ankara ya awali. Kiwango, chanzo na tarehe viandikwe kwenye ankara mpya. Tutalipa ndani ya siku saba."

Zile siku saba si adabu tu. Deni likishaandikwa kwa shilingi, dola ikipanda hasara ni ya muuzaji, ndiyo maana atakubali upesi zaidi akijua fedha zinakuja karibuni. Asiyeweza kulipa mapema atarajie kuambiwa kiwango kitakuwa cha siku ya malipo.

Ankara mpya ikifika, piga hesabu upya: 5,226,000 kabla ya kodi, VAT 940,680. Kisha dai hati inayoifuta ile ya zamani. Bila hiyo, vitabu vya muuzaji vitaonyesha madeni mawili, na mwisho wa mwezi utapigiwa simu kuulizwa zile dola 2,360. Risiti ya EFD nayo isomeke kwa shilingi, kiasi kilekile.