Kukasimu Kikoa Kidogo: Mistari Minne Inayohamisha Mamlaka

Tuseme kuna kampuni ya kahawa mjini Moshi yenye kikoa kiitwacho `kahawa.example`. (Mwisho wa `.example` umetengwa kwa ajili ya mifano tu, hakuna anayeweza kuusajili.) Ofisi ya TEHAMA pale Moshi ndiyo inayotunza majina yote ya kampuni kwenye intaneti: tovuti, barua pepe, mfumo wa mishahara. Timu ya malipo iko Dar es Salaam. Kila wahandisi wa malipo wanapowasha seva mpya na kuihitaji jina, huandika ombi Moshi, kisha wanasubiri. Moshi nao wamechoka, kwa sababu wanaandika anwani za mitambo wasiyoijua, na ikikosewa tarakimu moja wao ndio wanaopigiwa simu.

Njia ya mkato ni kuwapa timu ya malipo nywila ya mfumo wa majina. Lakini nywila hiyo inafungua kila kitu. Mtu aliyekusudia kubadilisha jina la seva ya malipo anaweza kufuta kwa bahati mbaya rekodi ya barua pepe, na kampuni nzima ikaacha kupokea ujumbe. Njia iliyo salama zaidi ni kukasimu: kulikata tawi moja, `malipo.kahawa.example`, pamoja na kila jina lililo chini yake, na kutangaza kwamba kuanzia hapo wa kuulizwa ni Dar es Salaam. Kazi hiyo inafanywa na rekodi za NS.

Ili kuona kwa nini inawezekana, fuata safari ya swali moja. Mteja anafungua `lango.malipo.kahawa.example` kwenye simu yake. Simu inauliza seva ya utafutaji, ambayo mara nyingi ni ya kampuni yake ya simu. Kama seva hiyo haina jibu, inaanzia juu kabisa, kwenye seva za mzizi. Mzizi haujui lango la malipo liko wapi. Unachojua ni seva zinazosimamia herufi za mwisho za jina. Hizo nazo zinaelekeza kwa seva za `kahawa.example`. Ni kama kumtafuta mtu kwa kupitia wilaya: wilayani hawajui nani anakaa nyumba ipi, ila wanajua mwenyekiti wa mtaa ni nani, nawe unatumwa kwake. Kila ngazi inatunza majina yake na anwani za waliokasimiwa walio chini yake, basi. Ndivyo KeNIC inavyosimamia majina yanayoishia na `.ke` bila kuomba ruhusa kwenye mzizi kila Mkenya anaposajili jina. Paul Mockapetris alipobuni DNS mwaka 1983, ugawaji huu wa mamlaka ulikuwa kiini cha kazi yenyewe, na hauishii kwenye ngazi ya nchi. Kampuni ya Moshi inaweza kufanya vilevile ndani ya kikoa chake.

Timu ya malipo inaanza kwa kuandaa seva mbili za majina, afadhali zikae mahali pawili tofauti ili umeme ukikatika upande mmoja upande wa pili uendelee kujibu. Ndani ya seva hizo wanaandika zoni ya `malipo.kahawa.example`, yaani daftari lenye majina yao yote. Kisha Moshi wanaongeza mistari minne kwenye zoni ya kampuni:

```
malipo      3600 IN NS ns1.malipo.kahawa.example.
malipo      3600 IN NS ns2.malipo.kahawa.example.
ns1.malipo  3600 IN A  192.0.2.53
ns2.malipo  3600 IN A  198.51.100.53
```

Mistari miwili ya kwanza inasema: ukitaka chochote cha `malipo`, waulize hawa. Mistari miwili ya mwisho inatatua fumbo. Seva ya utafutaji imeambiwa ikamuulize `ns1.malipo.kahawa.example`, lakini jina hilo lenyewe liko ndani ya tawi ambalo ndilo kwanza inajaribu kulifikia. Haiwezi kujua anwani ya `ns1` mpaka imuulize `ns1`. Ndiyo maana zoni ya juu hubeba pia anwani za seva hizo na kuzitoa pamoja na maelekezo. Kama timu ya malipo ingetumia seva za kampuni nyingine, zenye majina ya kikoa kingine kabisa, mistari hiyo miwili isingehitajika.

Tazama pia nukta mwishoni mwa majina ya seva. Kwenye faili la zoni, jina lisilo na nukta huongezewa kikoa cha zoni, hivyo `ns1.malipo.kahawa.example` bila nukta litageuka `ns1.malipo.kahawa.example.kahawa.example`, jina lisilokuwepo popote. Baadhi ya kurasa za watoa huduma hukuwekea nukta zenyewe, nyingine haziweki. Ukishahifadhi, soma kilichoandikwa kweli.

Mistari ni michache, lakini matatizo mengi hutokana na mpangilio wa kazi. Tuseme kabla ya siku hiyo rekodi ya `lango.malipo` ilikuwa imeandikwa Moshi, katika zoni ya kampuni, na wateja walikuwa wakiitumia kila siku. Mhandisi wa Moshi anaongeza mistari minne asubuhi, akijua kwamba Dar wataandika majina yao mchana. Rekodi ya zamani bado inaonekana kwenye skrini yake, kwa hiyo hana wasiwasi. Lakini tawi likishakatwa, seva za Moshi hazilisomi tena jina lolote lililo chini ya `malipo`, hata kama limo kwenye faili. Zikiulizwa zinajibu kitu kimoja tu: nendeni Dar. Na Dar, ambako zoni imefunguliwa bila `lango` kuandikwa, wanajibu kwamba jina hilo halipo.

Kinachochanganya ni kwamba hitilafu hii haitokei kwa wote wakati mmoja. Kila rekodi hutoka na muda wake wa kuhifadhiwa, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. 3600 ni saa moja. Seva ya utafutaji iliyopata anwani ya lango dakika kumi kabla ya badiliko itaendelea kuitumia kwa dakika hamsini zaidi. Wateja wa mtandao mmoja wa simu wanalipa kama kawaida, wa mtandao mwingine wanaambiwa tovuti haipo, na mafundi ofisini wakijaribu wao inafunguka vizuri. Dar wakishaandika jina lililokosekana, bado kuna kusubiri, kwa sababu hata jibu la “halipo” huhifadhiwa. Muda wake unatokana na rekodi ya SOA ya zoni yao, hasa nambari ya mwisho. Ikiwa ni 300, baada ya dakika tano mambo yanarudi sawa. Ikiwa ni 86400, wapo watakaokosa huduma kwa saa nyingi, pengine siku nzima.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: zoni ya chini inajazwa kwanza, ikiwa na kila jina la `malipo` lililokuwa kwa mkubwa wake, kisha inajaribiwa, ndipo tawi linakatwa. Majaribio hayahitaji kusubiri, kwani amri ya `dig` inaweza kuiuliza seva ya Dar moja kwa moja kabla dunia haijaelekezwa kwake:

```
dig @192.0.2.53 lango.malipo.kahawa.example A +norecurse
```

Katika mstari wa `flags` tafuta herufi `aa`. Maana yake ni kwamba seva inajibu kwa mamlaka yake yenyewe, hairudii ilichosikia kwingine. Anwani ikiwa sahihi na `aa` ipo, rudia swali kwa seva ya pili. Usiiruke. Seva ya pili iliyosahaulika ndiyo chanzo cha malalamiko ya “wakati mwingine inafunguka polepole”, kwani seva za utafutaji huchagua mojawapo, zisipojibiwa zinangoja kidogo kisha zinajaribu nyingine.

Baada ya kukata, waulize Moshi:

```
dig @ns1.kahawa.example malipo.kahawa.example NS +norecurse
```

Hapa unatarajia kinyume. Hakuna `aa`, sehemu ya jibu ni tupu, na majina ya seva za Dar yanaonekana chini ya `AUTHORITY SECTION`, pamoja na anwani zake chini ya `ADDITIONAL SECTION`. Seva ya Moshi inaelekeza tu. Majina hayo ya seva yaandikwe pia ndani ya zoni ya Dar, na orodha mbili zilingane. Zikipishana, seva za utafutaji zitafuata moja leo na nyingine kesho, na kosa litakuwa gumu kulipata.

Neno linalorudi kwenye skrini pia linasaidia kujua pa kutazama. `NXDOMAIN` maana yake kuna mwenye mamlaka aliyejibu, na amesema jina halipo. Tafuta rekodi iliyosahaulika. `SERVFAIL` mara nyingi inamaanisha hakuna jibu la kuaminika lililopatikana: seva zimezimwa, hazijui zoni hiyo, au saini za usalama za DNSSEC hazilingani. Kampuni inayotumia DNSSEC isiweke rekodi ya DS ya tawi kwa mkubwa mpaka zoni ya tawi iwe imesainiwa kweli.

Baada ya hapo timu ya malipo inaongeza na kufuta majina yake bila kumwandikia mtu. Moshi wanabaki na uwezo mmoja tu juu ya tawi lile, nao ni wa kulirudisha kwa kuondoa mistari yao.

Uwezo huo ndio unaosahaulika zaidi. Miaka miwili baadaye mradi unafungwa. Kama Dar walikuwa wamehamishia zoni yao kwa mtoa huduma wa kukodi, wanafunga akaunti, na hakuna anayewaambia Moshi. Rekodi za NS zinabaki zikielekeza kwa seva za mtoa huduma ambako zoni haipo tena. Kwa baadhi ya watoa huduma, mgeni anaweza kufungua akaunti yake, akaunda zoni yenye jina lilelile na kupangiwa mojawapo ya seva zilezile. Akifaulu, `malipo.kahawa.example` ni yake: anaweza kuweka ukurasa wa kupokea fedha, hata kupata cheti halali cha kuonyesha alama ya kufuli kwenye kivinjari. Hatakuwa amevunja nywila ya mtu yeyote.

Kwa hiyo kufunga hufanywa kwa mpangilio uliogeuzwa. Wakati wa kufungua, tawi hujengwa kwanza na mkubwa huelekeza mwishoni. Wakati wa kufunga, Moshi wanaondoa rekodi za NS kwanza, wanasubiri TTL iishe, ndipo Dar wanafuta zoni na kufunga akaunti. Na kwenye hati ya mradi, kando ya mistari ile minne, liandikwe jina la ofisi inayopaswa kuarifiwa siku hiyo ikifika.